Hepi Besdei ya Arubaini na Moja



Mwezi uliopita nilitimiza miaka 36. Grupu letu la WhatsApp la kuchangiana lina wanawake 58, na mpaka Alasiri waliokwisha niandikia walipita arubaini. Karibu wote waliandika "Hepi besdei dia, Mungu akuzidishie umri", na keki na maua nyuma yake. Wa kwanza kaandika, waliobaki wamekopi. Nikajibu "Ahsanteni nyote" kwa sababu, wallahi, sikukumbuka nani kaandika nini.

Mmoja tu nilimsoma mara tatu. Aliandika: "Da'angu, ile nguo ya kijani uliyonishonea nikahi yangu, mpaka leo naivaa kila Idi. Mungu akuhifadhi macho yako na vidole vyako." Sentensi mbili tu. Ana nguo, ana siku yake, na dua yenyewe ni ya mshonaji, haiwezi kwenda kwa muuza samaki.

Mimi napima hivi: ondoa jina, kisha mpelekee wifi yako maneno hayo hayo. Yakimkaa vilevile, umeshona dera. Dera linamkaa kila mtu, lakini hakuna aliyekwenda kupimwa. Tafuta kitu kimoja mlichokiona nyinyi wawili, au kazi ya mkono wake, kisha uombe dua inayotokana nacho.

Sasa, binafsi si kumwaga siri. Shoga yangu mmoja ana miaka sita ya ndoa na hajajaaliwa mtoto. Siku yake ya kuzaliwa mtu akamwandikia grupuni, "Mwaka huu tunataka mtoto!" Wengine kumi wakaitikia amin. Nia njema, sikatai. Yeye alizima simu mpaka kesho yake, akaniambia alijiona kama kavuliwa mtandio mbele za watu. Dua ya mtoto, ya mume, ya maradhi, ya deni, muombee kwenye sijda, au muandikie yeye peke yake. Grupuni weka lile ambalo mwenyewe angelisema kwa sauti ukumbini.

Wala usikimbilie kuwa wa kwanza saa sita usiku. Mimi siku hizi naacha vurugu ipite, baada ya Isha namtumia ujumbe wa sauti wa nusu dakika, namtaja kama ninavyomwita nyumbani. Na kama mwenzio hasherehekei, usimtangazie tarehe yake. Dua haina tarehe.

Bi harusi uliyeingizwa juzi kwenye grupu la ukweni, najua humjui mtu vizuri. Lakini wifi aliyekupepea siku ile joto lilipokuzidi na hina haijakauka, unamkumbuka. Muandikie hilo.