Kona ya Picha: Ukikata Picha, Hubaki Nini?



Mama mmoja wa jumuiya yetu alituletea picha ya arusi yenye watu wapatao thelathini. Katikati yao ameketi marehemu mamake, na hana picha nyingine yake ya miaka ya mwisho. Ombi lake lilikuwa tuukate uso huo, tuukuze, autie katika fremu ya inchi 8 kwa 12.

Kamera ilikuwa ya megapikseli 24, yaani nukta 6000 kwa upana na 4000 kwa kimo. Nukta hizo ni nyingi, lakini zimeenea picha nzima. Tulipomkata marehemu peke yake, kichwa hadi kiunoni, zilibaki 800 kwa 1200, nazo ni asilimia 4 tu ya zile za mwanzo. Hapa ndipo wengi hudanganyika: ukikata upana nusu na kimo nusu, husalii na nusu ya picha bali robo yake.

Kipimo ni kugawa nukta zilizobaki kwa inchi za karatasi. Picha ya kushikwa mkononi hupendeza ikiwa na nukta 300 kwa kila inchi. Zikiwa 200 bado hufaa, na wengi hawatambui tofauti. Zikishuka kuelekea 100, nyusi huwa kama zimepakwa rangi, na ukingo wa mtandio huonyesha vidato. Basi nukta zetu 1200 kwa karatasi ya inchi 6 ni 200, zatosha. Kwa inchi 12 ni 100, hazitoshi, ila kwa picha itundikwayo juu ukutani na kutazamwa kwa mbali, kwani jicho la mbali halioni nukta.

Tukamshauri aukate kwa upana zaidi, wajukuu wawili walioketi ubavuni mwa bibi yao wabaki. Tukapata 1600 kwa 2400, na fremu yake ya 8 kwa 12 ikapata nukta 200 kamili.

Mambo mawili huharibu hesabu hii. La kwanza ni picha iliyotumwa kwa simu ikapunguzwa njiani. Lau upande mrefu ungeshushwa hadi nukta 1600, marehemu angebakiwa na 213 kwa 320, zisizotosha hata picha ya mkononi. Ombeni faili asilia, mkatazame vipimo vyake kabla ya kukata. La pili ni mkono uliotetemeka au mwanga hafifu: ukungu hukuzwa pamoja na uso, na wingi wa megapikseli hauuondoi. Ikuzeni picha katika kioo hadi asilimia 100. Kope zisipoonekana mojamoja, msiikate sana.

Na faili asilia isifutwe kamwe. Kilichokatwa na kuhifadhiwa juu yake hakirudi.