Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji: Fomu ya hisa iseme ukweli kuhusu mrithi

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, Nairobi.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kuhusu sehemu moja ya fomu ya kufungua akaunti ya uwekezaji, pale mteja anapoulizwa jina la jamaa wa karibu. Wakenya wengi huandika jina la mke, mume au mtoto, wakaondoka wakiamini kwamba wamekwisha kumtaja mrithi wa hisa zao. Sivyo. Jina hilo ni la mtu wa kupashwa habari, na halimpi haki ya kuuza hata hisa moja.

Kinachowapotosha ni kwamba mambo ni tofauti kwingineko. Katika Sacco, Sheria ya Vyama vya Ushirika inaruhusu chama kumlipa moja kwa moja mtu ambaye mwanachama alimteua. Mafao ya mfuko wa pensheni nayo hayaingii katika mirathi. Wadhamini huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko. Lakini hisa za soko la Nairobi ni mali ya mirathi, na hazihamishwi bila amri ya mahakama.

Chukua mfano wa mwalimu aliyejiunga na Sacco akiwa kapera, akamteua kaka yake. Mwaka 2008 akanunua hisa 2,000 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na kwenye fomu akaandika jina la mkewe. Anapofariki, Sacco inamlipa kaka, kwa sababu fomu ya ujana haikubadilishwa. Mjane anakwenda kwa wakala wa hisa akiwa na cheti cha kifo, naye anaambiwa alete hati ya mahakama.

Hapo safari inaanza. Anahitaji barua ya chifu inayotaja warithi wote, kisha apeleke ombi mahakamani. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Hati ya usimamizi ikitolewa, kwa kawaida husubiriwa miezi sita kabla ya kuthibitishwa, na mali haigawanywi kabla ya hapo. Shemeji asiporidhika, au jina kwenye hisa likitofautiana na la kitambulisho, muda unarefuka. Wakati huo gawio linaweza kuwa linarudi kwa kampuni kwa sababu anwani ya posta ni ya zamani. Gawio lisilodaiwa kwa miaka mitatu hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA, na familia inalazimika kuanza dai jingine huko.

Ugomvi wa familia kama hii haukuletwa na uchoyo peke yake. Umeletwa na karatasi mbili zilizosema mambo mawili, na hakuna aliyemwonya mwenyewe akiwa hai.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, fomu zote zilizo chini ya usimamizi wenu ziseme kwa Kiswahili chepesi, kando ya jina hilo: "Mtu huyu si mrithi kwa kutajwa hapa." Pili, taarifa ya akaunti ya kila mwaka imwoneshe mwekezaji jina aliloandika na anwani yake, na imtake athibitishe au abadilishe. Tatu, mpendekeze kwa Bunge utaratibu wa uteuzi wa hisa unaofanana na ule wa Sacco, angalau kwa wawekezaji wadogo, huku haki za watoto na wategemezi zikilindwa.

Msomaji naye asisubiri Bunge. Aandike orodha ya ukurasa mmoja: namba ya akaunti ya CDS, wakala wake, namba ya uanachama wa Sacco, mfuko wa pensheni, na tarehe aliyojaza kila fomu ya uteuzi. Namba za siri zisiwemo. Watu wawili anaowaamini wajue orodha ilipo, nayo ipitiwe upya kila panapotokea ndoa, talaka, uzazi au kifo.

Kwa hisa zenyewe, aandike wosia na kuutia saini mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote humo, kwa maana mrithi akiwa shahidi, alichoachiwa kinaweza kubatilika. Waislamu wanafuata mgawo wa sheria ya Kiislamu, lakini nao wanaihitaji orodha hiyo, kwa sababu Kadhi hawezi kugawa hisa asizoambiwa zipo.

Mheshimiwa, ombi la kwanza na la pili hayahitaji sheria mpya. Tunaomba muyatekeleze kabla ya taarifa za mwaka ujao kutumwa.

Wako mwaminifu,
Mwekezaji mdogo, Nakuru