Sala ya Sokoni

Kisa cha wiki hii nimekitunga, ila neno lililokizusha ni la kweli, na mzazi mwenye mwana anayekwenda kusoma Urusi yampasa alijue.

Kijana mmoja wa Pate alipata nafasi ya masomo katika chuo kikuu cha Moscow kilichoasisiwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba. Alhamisi moja ya Desemba, akiwa amefunga sunna, aliingia sokoni kutafuta kitu cha kufuturia. Akamwendea mama mmoja muuzaji, akamuuliza: "Halali?"

Yule mama hakuisikia vyema. Akainua pande jeupe lililopakwa chumvi na vitunguu saumu, akajibu kwa furaha: "Salo! Salo!"

Basi Warusi, herufi "o" isipotiwa mkazo, huitamka kama "a". Kijana akasikia "sala". Akaitazama kofia yake kichwani, akajiambia: "Mama huyu amenitambua. Hii ni jibini ya watu wa sala!" Akashukuru Mola, akanunua nusu kilo. Mama akamkatia kipande cha kuonja. Kwa kuwa amefunga, akakipokea kwa vidole, akakitia karatasini pamoja na kingine.

Mwezi huo Magharibi huingia huko kama saa kumi jioni. Akafika msikitini mapema, akamkuta mzee wa Kitatari aketiye mlangoni.

"Babu, karibu tufuturu," akamwambia kwa Kiarabu cha madrasa.

Mzee akafunua karatasi, akaruka nyuma. "Mwanangu, khinziri!"

Salo ni mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi. Mzee akaenda kuyatupa mbali, machozi ya kicheko yakimtiririka. Aliporudi akasema: "Osha mikono kwa maji mpaka itakate, uswali." Yeye ni Hanafi. Kijana wetu ni Shafi, naye alikwisha kuvishika vile vipande vibichi kwa vidole vyake.

"La, babu. Kwetu ni mara saba, na moja iwe kwa udongo."

Udongo utoke wapi? Nje theluji ilifika magotini, na ardhi iliganda kama jiwe. Mzee akatazama huku na huku, akamletea chungu cha maua kilichokuwa dirishani. Kijana akachota gao moja, akalichanganya na maji, akaosha mara saba huku mzee akimhesabia kwa sauti. Ua likabaki limeinama, ila sala ikawahiwa, na futari ikawa tende za mzee.

Tangu siku hiyo kijana huuliza "khalyal", kama wasemavyo Waislamu wa huko, wala hatosheki na kulikwepa neno "svinina", yaani nyama ya nguruwe, kwani salo huuzwa kwa jina lake lenyewe pasi na kutajwa mnyama.

Usiku akampigia simu mama yake Pate, akamsimulia yote. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Mwanangu, na hiyo sala uliinunua kwa bei gani?"