Jibu la pengo huja baada ya pengo
CHAKI NA UBAO
Na Mwanaisha Kombo

Watoto wengi hujaza mapengo kwa sikio. Wanasoma hadi kwenye nafasi, wanasimama, wanachagua neno linalosikika vizuri, kisha wanaendelea. Katika KCPE, iliyofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, nafasi hizo zilikuwa 15 kati ya maswali 50 ya Kiswahili. Kusimama mapema kuligharimu alama nyingi.

Tazama kifungu hiki nilichokitunga:

“Asubuhi Bahati aliukuta __1__ wa zizi umeanguka, bawaba zake zimeng’oka. Baba hakumgombeza, __2__ alimwambia alete nyundo na misumari.”

Pengo la kwanza lina majibu haya: lango, mlango, ukuta, milango. Anza na sarufi, maana ndiyo inayopunguza kazi. Kiambishi “u” katika “aliukuta” na “umeanguka”, pamoja na “wa”, vinaliondoa “lango”, ambalo lingetaka “alilikuta… la… limeanguka”. “Milango” nayo ingetaka “aliikuta… ya… imeanguka”. Yanabaki mlango na ukuta, na hapo sarufi imefika mwisho, kwa sababu yote mawili yanapatana na sentensi. Ukiishia kwenye “umeanguka” utabahatisha tu. Soma maneno matatu zaidi: ukuta hauna bawaba.

Pengo la pili: bali, ingawa, maadamu, licha ya. “Licha ya” hufuatwa na nomino au kitenzi-jina, kwa mfano “licha ya kumwambia”. Haikai mbele ya “alimwambia”. “Ingawa” na “maadamu” sarufi inayakubali, lakini jaribu kuyasoma: eti baba hakumgombeza mtoto maadamu alimtuma nyundo? Ukanushi wa “hakumgombeza” ndio unaoiita “bali”. Safari hii ishara imetangulia pengo, na kwa kuwa inaweza kukaa kabla au baada yake, mtoto hana budi kukisoma kifungu chote kabla ya kushika kalamu, kisha ayafunike majibu na kutafuta neno lake mwenyewe. Likiwamo kati ya yale manne, vizuri. Lisipokuwamo, atafute lililo karibu nalo kwa maana.

Mtindo huu wa kufuta maneno ulipewa jina mwaka 1953 na Mmarekani Wilson Taylor, naye alikuwa akipima ugumu wa maandishi yenyewe. Alifuta maneno kwa mpangilio, mathalani kila neno la tano, bila kutoa majibu ya kuchagua. Sisi walimu tunachagua wenyewe neno la kufuta, na hapo ndipo tunapowakosea watoto.

Weka “ila” mahali pa “ingawa” katika pengo langu la pili. “Baba hakumgombeza, ila alimwambia alete nyundo” ni Kiswahili kinachosemwa kila siku, kwa hiyo swali lina majibu mawili, na mtoto hodari ndiye atakayekwama. Mtunzi anaweza kuligundua kosa hilo kabla ya mtihani: ampe mwalimu mwenzake kifungu bila majibu, amwambie ajaze. Mwenzake akiandika “ila” au “lakini”, maneno hayo yasiwekwe miongoni mwa majibu ya mtego.