Muhtasari wa meneja usomwe pamoja na mizania

Anayetaka kuuza mchele kwa mali kauli ng'ambo ya Mutukula huletewa muhtasari wa menejimenti wenye tarakimu za kupendeza. Mathalani, unadai kuwa uwiano wa ukwasi ni 2, faida ghafi asilimia 25, na madeni asilimia 40 ya mali.

Mizania ikifunguliwa, mambo ni mengine. Mali za muda mfupi ni shilingi milioni 180, na madeni ya kulipwa ndani ya mwaka ni milioni 120. Uwiano ni 1.5. Ile 2 ilipatikana kwa kuacha milioni 30 za mkopo wa benki zinazoiva mwaka huu.

Mauzo ni milioni 400, gharama ya bidhaa zilizouzwa milioni 320. Faida ya milioni 80 ni asilimia 20 ya mauzo. Meneja aligawanya kwa gharama, hesabu halali iliyopewa jina lisilo lake.

Kubwa zaidi ni deni. Mali zote ni milioni 300 na mikopo ya benki milioni 120, ndiyo hiyo asilimia 40. Lakini wauzaji waliokopesha bidhaa wanadai milioni 90, nao hawakuhesabiwa kabisa. Jumla ni milioni 210, yaani asilimia 70. Mwenye mchele anakaribishwa kwenye foleni hiyohiyo iliyofichwa.

Hata ile 1.5 isimtulize: milioni 110 kati ya zile 180 ni bidhaa zilizolala ghalani. Kabla lori halijapakiwa, aombe orodha ya wadai na tarehe za kulipwa kwao.