Msingi ukichimbwa kwenye mteremko, udongo uwekwe wapi?

Baba amerudi nyumbani saa kumi na moja jioni, anawakuta watoto wakishindana kuruka mtaro wa msingi. Upande mmoja wamepata mlima wa udongo wa kuteleza, upande wa pili wana shimo la kujificha. Vibarua wameondoka, sururu zimelazwa, na hakuna aliyeweka hata kamba. Katika nyumba nyingi zinazojengwa Kaagya, hiyo ndiyo saa ya hatari kuliko zote za siku.

Tangu tetemeko la Septemba 10, 2016, lililobomoa nyumba nyingi mkoani Kagera, wazazi wengi wanataka msingi ulioshiba. Hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba viwanja vingi vya Bukoba na Muleba vina mteremko, na msingi wa chini sana upande mmoja humaanisha shimo refu sana upande wa pili.

Chukua mfano wa nyumba ya mita 10 kwa mita 10. Kiwanja kinashuka mita moja kutoka ukuta wa juu hadi ukuta wa chini. Mzee wa nyumba amekubaliana na fundi kwamba msingi uende chini sentimita 70. Fundi anapima kwa mpira wa maji ili sakafu ya mtaro iwe sawa pande zote. Ukuta wa chini kweli unapata sentimita 70, mtu anasimama na shimo linamfika mapajani. Lakini ukuta wa juu sasa una sentimita 170. Kibarua akisimama humo kichwa chake kinafika ukingoni, na akiinama kuchota udongo hakuna anayemwona. Mzazi aliyeambiwa "sentimita 70" hajui kwamba uani kwake kuna shimo la namna hiyo.

Udongo una uzito ambao macho hayauoni. Mita moja ya ujazo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na zaidi ukilowa. Mtaro wa juu wenye urefu wa mita 10, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 170 hutoa kama mita 10 za ujazo, yaani tani 15 au zaidi. Swali ni tani hizo zinakwenda wapi. Kibarua aliyechoka huzirusha pale koleo linapofika, ukingoni kabisa.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Ukuta wa mtaro haukatiki kwenye ukingo wenyewe. Huanza kwa ufa mwembamba juu ya ardhi, unaofuata urefu wa mtaro, nyuma ya ukingo kwa umbali wa theluthi moja hadi robo tatu ya kina. Kwa shimo la sentimita 170, ufa unaweza kutokea popote kati ya sentimita 55 na 130 kutoka ukingoni. Rundo la udongo likiwekwa humo, linakandamiza kipande kilekile kinachotaka kuanguka, na tena linaufunika ufa ili mtu asiuone.

Kwa hiyo kanuni rahisi ni hii: umbali wa rundo kutoka ukingoni usiwe chini ya kina cha shimo. Sentimita 60 ni kwa mitaro mifupi tu. Katika mfano wetu, udongo wa ukuta wa juu upelekwe upande wa ndani wa nyumba, mita mbili kutoka ukingoni, ambako utatumika baadaye kujaza chini ya sakafu. Usiwekwe upande wa mlimani, kwa kuwa mvua itausukuma urudi shimoni. Badala yake, upande wa mlimani, mita mbili au tatu juu ya mtaro, uchimbwe mfereji mfupi wa jembe moja tu wa kuyageuza maji ya mvua yapite pembeni.

Lakini dawa nzuri zaidi ni kutolichimba shimo refu kabisa. Kuta mbili zinazoshuka na mteremko zichimbwe kwa ngazi tatu za sentimita 25 kila moja, umbali wa mita mbili na nusu kati ya ngazi na ngazi. Sakafu ya kila kipande inabaki sawa, na hakuna mahali panapofika mita moja. Fundi ahakikishe tu kwamba kila ngazini zege la juu linalala juu ya lile la chini kwa angalau sentimita 50, ili msingi usikatike vipande.

Pale ambapo kina kirefu hakikwepeki, kama mtaro wa kupitisha bomba la maji machafu, kuta zishikwe. Mbao nene zisimamishwe pande zote mbili zikitazamana, na kati yake vipande vya mkaratusi vikazwe kwa kabari: kimoja karibu na juu, kingine karibu na chini. Kwenye udongo wa mchanga, au kibanja kilichotifuliwa miaka mingi, mbao zikaribiane hadi zigusane. Kazi ianzie juu, mtu akiwa nje ya shimo, na asishuke pasiposhikwa. Wakati wa kutoa, huanzwa chini huku mtaro ukijazwa. Mgomba si nguzo. Hupondeka kabla udongo haujatulia. Kama mbao hazipo, kingo zilazwe: kwa udongo laini, kila mita moja ya kina irudishwe nyuma mita moja na nusu. Na kila shimo linalopita mita 1.2 liwe na ngazi ya kutokea karibu na mchimbaji.

Kila asubuhi, na kila baada ya mvua, mtu mmoja azunguke kabla ya yeyote kushuka. Anatafuta ufa juu ya ardhi, punje za udongo zinazodondoka zenyewe, ukuta uliovimba chini, au maji yanayochuruzika. Akiona hata kimoja, hakuna kushuka. Miezi mikavu ya Juni na Julai ndiyo ya kuchimba. Mtaro ulioachwa wazi ukisubiri saruji hadi mvua za vuli umeshabadilika.

Kwa watoto, kamba haitoshi. Miti ifungwe kuzunguka shimo, mita mbili kutoka ukingoni, na jioni mtaro ufunikwe kwa mbao au ujazwe pale ambapo kazi imekwisha. Rundo la udongo lisiwe uwanja wa michezo, kwani nalo huporomoka.

Ukuta ukimwangukia mtu, wa kwanza kukimbilia ndani mara nyingi huwa wa pili kufukiwa, kwa sababu kipande kingine hubaki kimening'inia. Wote waondoke ukingoni, watandike mbao au mlango juu ya ardhi ili uzito usambae, na mmoja apige 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji. Kuta zilizobaki zishikwe kwanza. Kisha udongo utolewe kwa mikono, sio kwa sururu, kuanzia kichwani na kushuka hadi kifua chote. Aliyefukiwa hadi kifuani, hata uso ukiwa nje, kila anapotoa pumzi udongo hujaza nafasi, na pumzi inayofuata huwa fupi zaidi. Ana dakika chache tu, na kutoka Kaagya msaada wa mjini hauwezi kufika ndani ya dakika hizo.