Piko Tuliite Piko: Jalada la Video Lisimdanganye Bi Harusi



Mfunguo mosi ukiingia harusi hupandana, na simu za mabibi harusi hujaa video za hina. Tumekaa jioni moja tukazipitia, moja baada ya nyingine. Majalada yake karibu yote yanasema jambo moja kwa herufi kubwa za manjano: HINA NYEUSI TII, NUSU SAA TU! Ukifungua, unasikilizishwa salamu, shukrani na habari za mpambaji, na dakika ya nne ndipo linapotoka lile kopo. Ndani yake hamna hina. Ni piko.

Tunasema bila kuzunguka: huo ni uongo, na wanaoufanya ni sisi kwa sisi, wanawake wa Kiislamu tunaowafundisha wenzetu kujipamba. Wala hatusemi kwa kujitakasa. Nasi tulishawahi kuweka video ya namna hiyo, na tutaieleza hapa hapa.

Kwanza tuelewane kwa nini jambo hili si dogo. Hina ya majani, kwa asili yake, haitoi rangi nyeusi. Ukiibandua asubuhi utaona rangi ya chungwa, kisha inaendelea kukolea kwa siku mbili hivi mpaka ifike kahawia au damu ya mzee. Piko ni kitu kingine. Ni rangi ya kutia nywele, na kinachoipa weusi wa haraka ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Ikipakwa kwenye ngozi, wapo isiowadhuru, na wapo wanaowashwa, wakavimba na kutoka malengelenge kwa kufuata mchoro ule ule, mara nyingi siku kadhaa baada ya kupaka. Na ngozi ikishaikataa mara moja, huikataa maisha: miaka baadaye mtu anatia rangi nywele zake, uso unamvimba.

Kwa hivyo bi harusi anayebofya jalada lililoandikwa "hina" anaamini amechagua kitu cha majani ambacho bibi yake alipaka. Neno lile moja juu ya picha ndilo linalomwondolea tahadhari. Angeandikiwa "piko", angeuliza, au angejaribu kidogo mahali palipofichika siku nyingi kabla ya harusi, au angeacha. Jalada limemnyima nafasi ya kuamua.

Sasa tuje kwetu. Tulikuwa na video ya hina ya kweli, ya majani, ndimu na sukari, na mafundisho yake yalikuwa sawa. Lakini kichwa tulichokipa kilikuwa "Siri ya hina nyeusi wasiyotaka uijue", na jaladani tukabandika picha ya mkono wenye piko, kwa sababu weusi unaonekana vizuri kwenye skrini ndogo. Watu walibofya. Kisha tukaufungua ule mchoro wa YouTube unaoonyesha watazamaji wamebaki wangapi kila sekunde, tukaona mstari umeporomoka kabla ya nusu dakika. Waliingia kutafuta weusi, wakakuta chungwa, wakatoka. Tulikuwa na bidhaa njema tukaiuza kwa jina la kitu kingine. Aliyetuumiza zaidi ni msichana aliyetuandikia kwamba ya kwetu haikumtoa nyeusi kama ya jaladani, basi akaenda kununua ya kopo. Jalada letu ndilo lililomwonyesha njia ya huko.

Wenzetu wanatujibu: "Dada zetu, mkweli habofywi. Mtandao ndio unavyotaka." Tuupime usemi huo kwa hesabu ndogo ya mfano. Tuseme video imewekwa mbele ya watu 1,000. Jalada la uongo linabofywa na 80, kila mmoja anatazama sekunde 40 halafu anaondoka: jumla ni sekunde 3,200. Jalada la kweli linabofywa na 50 tu, lakini wanapata walichokijia, wanakaa dakika 3: jumla ni sekunde 9,000. YouTube yenyewe ina kifaa cha kujaribu majalada mpaka 3 kwa video moja, na mshindi wake huchaguliwa kwa muda uliotazamwa, si kwa idadi ya waliobofya. Basi hata kwa mizani ya hao mnaodai ndio wanaotaka uongo, uongo hauna faida iliyodhaniwa.

Na sisi tuna mizani nyingine iliyo juu ya hiyo. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta maji. Mwenye mali akaeleza kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka iliyoroa juu ili watu waione, kisha akamkana mwenye kughushi kuwa si katika wenzake. Tuzingatie kwamba muuzaji yule hakutamka neno la uongo. Alipanga tu kilicho kikavu juu. Jalada la video ndilo juu ya rundo. Mwenzetu anayesema "mimi mwishoni nimetaja kuwa ni piko" ajiulize ile iliyoroa ameiweka wapi.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo linawafanya watu wauchukie ukweli. Dada anamcha Mungu, anaogopa kuhadaa, basi anaandika "Hina sehemu ya 4" na jaladani anaweka jina la chaneli yake na maua. Hapo hajadanganya, ila hajasema kitu. Bi harusi mwenye haja na video ile anaipita. Kuvutia si haramu. Muuza vikuba wa Darajani huviweka asmini mbele, na asmini imo. Kuacha jibu ndani ya video ili mtu aje alitazame pia si hadaa. Hadaa ni mtu kuja na swali moja ukampa jibu la swali jingine.

Tuonyeshe basi tulivyoirekebisha ile video yetu, kwani YouTube inaruhusu kubadili jalada na kichwa hata baada ya kuipandisha.

Tulianza kwa kujiuliza bi harusi anataka nini hasa. Hataki "siri". Anataka hina iliyokolea siku ya harusi, na anahofia ikibanduliwa itabaki chungwa. Hofu hiyo ndiyo habari yetu. Tukaandika kichwa: "Hina damu ya mzee bila piko: paka Jumatano, harusi Jumamosi." YouTube hukubali herufi mpaka 100, lakini kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, kwa hiyo ahadi lazima ikae mwanzoni. Aliyeona "Hina damu ya mzee bila piko" tu, mengine yakakatwa, bado ameelewa anachofungua. Maneno "bila piko" yanavuta kuliko "siri", kwa sababu ni jambo ambalo yeye mwenyewe ana wasiwasi nalo.

Jaladani hatukurudia kichwa. Tuliweka picha mbili za mkono ule ule. Chini ya wa kushoto, wenye chungwa, tuliandika ALHAMISI, siku ya kubandua. Chini ya wa kulia, uliokolea, JUMAMOSI. Maneno mawili basi. Anayepita anaona rangi imegeuka na anataka kujua imegeukaje. Maandishi tuliyapandisha kidogo, kwani kona ya chini kulia YouTube huweka muda wa video na hufunika kilichopo. Kisha tuliipunguza picha mpaka ikawa upana wa vidole viwili, tukampa mama mtu mzima aisome bila miwani. Aliisoma.

Ugumu ulikuwa kwenye picha yenyewe, na hapa ndipo uongo hujipenyeza kimyakimya. Kiganja hushika hina zaidi kuliko mgongo wa mkono, kwa kuwa ngozi yake ni nene. Tungeweza kupiga kiganja cha Jumamosi, kimekolea kweli kweli, na kila neno jaladani lingekuwa sahihi. Lakini bi harusi anaonyesha mgongo wa mkono anapovishwa pete, na hapo rangi haitafika kiasi hicho. Tukapiga mgongo wa mkono, mchana, karibu na dirisha, picha zote mbili mahali pamoja, bila kuongeza rangi kwenye simu. Haikung'aa kama ile ya mwanzo. Ilikuwa ya kweli.

Mwisho tukaukata mwanzo wa video. Salamu ikabaki, habari zetu zikaondoka, na ndani ya nusu dakika ya kwanza mkono wa jaladani unaonekana na tunasema hina hii haitakuwa nyeusi. Asiyetaka aondoke mapema kwa amani, tusimpotezee muda.

Hatutawaficha: waliobofya walipungua. Wanaosaka weusi wa nusu saa hawaji kwetu tena. Waliobaki ni wale wanaofika mpaka mwisho na kuuliza kuhusu kuchuja unga na kukaa bila kushika maji, maswali ya mtu anayekwenda kupaka kweli. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hata kizuri hakiuziki kikipewa jina la kibaya.

Na nyinyi mnaopaka piko kwa wateja wanaolijua na kulitaka, hatujasema mfunge chaneli zenu. Andikeni PIKO jaladani, kwa herufi kubwa zile zile za manjano mlizokuwa mkiandikia "hina". Kama mnaona neno hilo litawakimbiza watazamaji, basi mmeshajijibu wenyewe kwa nini mlilificha.

Allah atujaalie ukweli katika ndimi zetu na katika vidole vyetu tunavyoandikia. Ammin.